Akika Chake: zawadi gani mzazi ataitumia kweli miezi hii ya mwanzo?

Mkunazini_Mie

Assalaamu alaykum wanajamvi, khabari za jioni.

Wifi yangu kajifungua Chake Chake, Pemba, mtoto wa kiume, kilo 3.2, mama na mtoto wazima alhamdulillah. Akika ni Jumamosi ya wiki ijayo, wamesogeza mbele kidogo kuwasubiri ami zake. Sie wa ofisini watu sita tumechanga 150,000, na mie ndo nimekabidhiwa kununua kwa kuwa ndo nnaevuka na boti.

Sitaki suti zile za kwenye boksi la kioo. Dada yangu alipozaa kabati lilijaa suti za tai na viatu, mtoto kavalishwa mbili za kupigia picha, nyengine zikamkataa zikiwa bado na bei zake. Huku mama wa watu anahangaika hana kitambaa kikavu cha kumfunga mtoto usiku.

Waliokwishazaa nambieni, miezi mitatu ya mwanzo mlikuwa mnakamata nini kila siku? Nyumba ya kaka ni ya chini, uwani kuna kamba, maji ya bomba ni ya zamu lakini tangi lipo. Na huu ni msimu wa masika, mjue.

---

Kijana_Magogoni

Dada hilo halina mjadala. Pampasi. Ingia Darajani, chukua boksi kubwa la ile namba ya wachanga kabisa, 150 yote imalizie hapo. Mie wangu ana miezi minne, hakuna zawadi nlioifurahia kama pampasi. Suti tumewapa watu.

---

Ami_Nahodha

Wa alaykum salaam. Kwa mtoto wa kiume ni mbuzi wawili, wa kike mmoja. Mbuzi awe ametimiza mwaka, kondoo miezi sita akiwa amenawiri inatosha. Asiwe chongo, asiwe kiguru, asiwe amekonda mbavu zinahesabika. Kwa 150,000 sidhani kama utapata hata mmoja wa maana, bora mwongeze mchango. Na nywele zikinyolewa zipimwe, thamani ya uzito wake kwa fedha itolewe sadaka.

---

Mkunazini_Mie

Ami yangu ahsante, mbuzi kaka keshawafunga uwani wanakula majani tu. Nnauliza zawadi ya kumpelekea mzazi na mtoto, si mnyama wa akika.

@Kijana_Magogoni boksi zima la namba moja halitamkataa?

---

Nesi_wa_Shamba

Kijana kasema nusu ya kweli. Pampasi zinatumika, tena sana. Kosa lipo kwenye namba.

Tufanye hesabu ya mtoto huyu huyu. Kazaliwa na 3.2. Siku za mwanzo mtoto hupungua kidogo, kisha hurudi kwenye uzito wake mnamo siku ya 10 mpaka 14. Kwa hiyo siku ya akika atakuwa na 3.2 au hapo hapo karibu. Baada ya hapo, anaenyonya vizuri huongeza gramu 25 hadi 30 kwa siku, yaani karibu gramu 800 kwa mwezi. Akifika miezi miwili na kitu keshagonga kilo 5. Pampasi nyingi za namba moja zimeandikwa kilo 2 hadi 5, na mtoto mnene wa mapaja zinaanza kumbana na kuvuja mgongoni kabla hajafika hiyo 5.

Sasa fikiria: kila mgeni wa akika atakuja na wazo hilo hilo na namba hiyo hiyo, kwa sababu ndo inayoonekana ya mtoto mchanga. Utarundikana mlima wa namba moja. Mtoto anavuka, mlima unabaki. Ukinunua pampasi nunua namba mbili. Hata wakizipata nyingi, watazifikia na atakaa nazo muda mrefu. Na usisome picha ya mtoto kwenye pakiti, soma kilo.

Lakini usisahau kwamba mchanga hubadilishwa mara 10 kwa siku, wengine 12. Pakiti ya 40 ni siku nne. Mchango wa ofisi nzima utaishia jaani ndani ya wiki chache. Kwa nyumba yenye tangi na kamba, mie ningeweka pesa kwenye mawinda ya kitambaa, na pampasi pakiti moja tu ya namba mbili kwa ajili ya usiku na safari za kliniki.

---

Kijana_Magogoni

Mawinda 2020s hizi? Bi Nesi nani atafua?

---

Nesi_wa_Shamba

Swali zuri, na ndo limewashinda wengi. Mzazi aliopo ndani ya arubaini hafui. Kama hakuna mama, shangazi au mtoto wa jirani wa kufua, usimpelekee mtu mawinda 24, utakuwa umempelekea kazi. Mkunazini, aliopo na wifi yako ni nani?

---

Mkunazini_Mie

Mama yake mzazi yupo mpaka arubaini ila magoti yanamsumbua, kuinama kwenye beseni hawezi. Mkandaji anakuja asubuhi anaondoka. Kaka anaenda kazini.

---

Fundi_Jangombe

Mie nashona mawinda, nitasema la kitambaa tu, ya kufua nawaachia wenyewe.

Usinunue yale ya pakiti, mengi ni madogo na mepesi, ukiyaosha mara moja yanakuwa leso ya mfukoni. Nunua melimeli ya pamba, nyeupe, isiyochanganywa nailoni. Dukani mwambie muuzaji akukatie kipande kidogo, uchome ncha kwa kiberiti. Pamba inaungua kama karatasi na majivu yake yanapukutika. Ikijikunja ikawa kidonge kigumu cheusi, hiyo ina nailoni, haitanywa mkojo.

Kisha pima upana. Zinatofautiana, ndo watu wanapopotea hesabu. Ikiwa upana ni inchi 58, hiyo ni karibu sentimita 147, zinatoka mbili kwa upana. Ukikata kila sentimita 75 za urefu, mita 9 zinakupa mistari 12, mbili mbili, jumla 24. Mie mwenyewe nakunja pindo jembamba, sizungushi ovaloki, ule uzi wake mgumu unamkwaruza mtoto mapajani. Likishafuliwa linapungua, linabaki kama 70 kwa 70. Hilo linamfaa tangu mchanga mpaka anaanza kutambaa, unabadilisha mkunjo tu.

Kitambaa cha inchi 45 usikate mraba wa 70, zaidi ya theluthi itakuwa vipande. Hapo bora uhangaike upate upana mwengine.

---

Shangazi_Kiponda

Haya yote mnayatafuta madukani na dawa ipo sandukuni. Sie tulifungwa na khanga kuukuu, ile iliofuliwa mpaka ikawa hariri. Khanga mpya ina wanga, ngumu, rangi inatoka. Mtoto wa kwanza ukimpelekea doti ya khanga mpya, mama ataivaa yeye. Mpelekee zako za zamani, mwanangu, zichane kati, umemaliza. Mie ninazo sanduku zima nimezitunza na zile naftalini, hazijaguswa na nondo hata moja. Njoo Kiponda uchukue bure.

---

Mkunazini_Mie

Shangazi Allah akuweke, nitakuja kesho baada ya kazi.

---

Nesi_wa_Shamba

Mkunazini kabla hujenda. Shangazi samahani sana, la khanga kuukuu uko sawa kabisa, hakuna kitambaa laini kuliko hicho. Tatizo langu ni naftalini.

Wapo watoto wanaozaliwa na upungufu wa kitu kwenye damu kinachoitwa G6PD. Kwa ukanda wetu huu uliokaa na malaria karne na karne si jambo la nadra, na huwapata zaidi watoto wa kiume. Mtu anaweza kuishi nao mpaka uzee asijue. Lakini mchanga akifungwa nguo iliolala na naftalini, ule mvuke anauvuta na mwengine unapita kwenye ngozi, na damu yake inaanza kuvunjika. Ikivunjika mtoto anakuwa manjano kwa kasi, na manjano ikipanda sana inaharibu ubongo. Mafuta ya kumpaka huzidisha, ngozi inanyonya zaidi. Na sisi tunawapaka mafuta ya nazi kila baada ya kuoga.

Sisemi khanga zitupwe. Ziondolewe kwenye sanduku leo, zianikwe juani na upepo siku kadhaa, zifuliwe kwa sabuni, zianikwe tena. Ukinusa bado ina ile harufu, haijawa tayari kwa mtoto. Usizipige udi kufunika harufu, maana hapo hutajua tena.

Na hili linawahusu hata wageni wa akika, sio sanduku la shangazi pekee. Suti iliotoka kabatini kwa mtu, shali la bibi, blanketi la mtoto aliotangulia, yote yakifika yafuliwe kwanza.

---

Shangazi_Kiponda

Mwanangu, watoto saba nimelea na sanduku hilo hilo. Hakuna alogeuka manjano.

---

Nesi_wa_Shamba

Nakuamini shangazi. Watoto wako hawakuwa na upungufu huo, basi. Wa jirani anaweza kuwa nao, na usoni haionekani.

---

Mama_Pacha

Nitatia yangu hapa ingawa siyo swali lilioulizwa.

Pacha wangu wa kiume aligeuka manjano siku ya sita, wa kike hana kitu. Watu wakaniambia manjano ya kawaida, watoto wote, mtoe juani asubuhi. Siku ya nane akawa analala tu, ukimwekea ziwa halikamati, na winda lilikuwa na mkojo wa rangi ya chai ya rangi. Tulipompeleka hospitali tukakaa benchi mpaka adhuhuri kabla mtu hajamtazama, sitaki kusema wapi. Akawekwa kwenye taa, akaongezwa damu. Daktari swali lake la kwanza: nguo zake zilikuwa zimehifadhiwa na nini? Yeye alikuwa amefunikwa shali la bibi, wa kike hakufunikwa. Sasa yuko skuli, mzima, ila kaandikiwa dawa za kuepuka.

---

Kijana_Magogoni

Subhanallah. Sasa manjano ya kawaida na hiyo mtu atatofautishaje nyumbani?

---

Nesi_wa_Shamba

Ya kawaida huanza siku ya pili au ya tatu, inakuwa usoni na kifuani, na inapofika siku ya saba inapungua, si inaongezeka. Mtoto ananyonya na analia kwa nguvu. Mambo ya kutoka mbio ni haya aliyoyasema Mama Pacha: manjano inazidi badala ya kupungua au imefika viganja na nyayo, mtoto halamki kunyonya, mkojo una rangi. Mkojo wa mchanga unatakiwa uwe mweupe kama maji, na hapo ndo melimeli nyeupe inapokusaidia, unaona rangi. Kwenye pampasi huoni, imemezwa. Manjano ya siku ya kwanza kabisa ya kuzaliwa pia haisubiri.

Usiangalie kwa taa ya njano ya ndani. Mtoe barazani mchana, bonyeza ngozi ya paji la uso kwa kidole, ukiachia tazama rangi.

---

Binti_Wete

Jamani mbona hakuna aliotaja chupa seti na kopo la maziwa? Zawadi nzuri, inapendeza kwenye kapu, na mama akichoka baba anamsaidia usiku.

---

Nesi_wa_Shamba

Binti, mpaka miezi sita ziwa la mama linatosha, hata maji hayahitaji. Chupa ikiwa ndani ya nyumba itatumika usiku wa kwanza mtoto akilia, ziwa litakamuliwa kidogo, maziwa yatapungua kwa sababu hiyo hiyo, kisha wataambiwa mama hana maziwa. Aliekatazwa kunyonyesha kwa sababu ya kitabibu atanunua mwenyewe alichoelekezwa. Kumsaidia mama usiku, baba amletee maji ya kunywa na ambadilishe mtoto winda.

---

Binti_Wete

Haya. Poda je? Na wanja?

---

Nesi_wa_Shamba

Poda inaingia mapafuni, mtoto anakohoa. Wanja wa sokoni mwingi una madini ya risasi ndani yake, na madini hayo hayamwachii mtoto ubongo. Najua bibi zetu watachora nyusi tu, ila wewe usiwe ndie ulionunua.

---

Bibi_Harusi_wa_Zamani

Mie nasimama upande wa nguo kidogo. Sio zote mbaya. Fulana za pamba zile za kufunga kwa kamba ubavuni nlizivalisha mpaka zikachanika, kwa sababu huna haja ya kumpitishia mtoto nguo kichwani na kitovu hakijadondoka. Suti za manyoya, soksi nene, kofia za sufi ndo hasara. Chake kwenyewe joto, mtoto anavaa kofia ndani mchana kutwa, shingo yote harara halafu wanasema kachomwa na jicho.

---

Ami_Nahodha

Kofia ya mtoto ni muhimu, utosi uko wazi.

---

Bibi_Harusi_wa_Zamani

Ami asubuhi ya mvua sawa, na siku zile mbili tatu za mwanzo. Saa saba mchana chini ya bati? Mtie mkono shingoni nyuma, akiwa ametota jasho mvue.

---

Mkunazini_Mie

Nisomeeni nilichofikia, mnikosoe.

Mita 9 za melimeli, mawinda 24. Pini za winda zenye kifuniko. Ndoo mbili zenye vifuniko. Fulana nne za kufunga ubavuni, zile za miezi mitatu si za mchanga. Pampasi pakiti moja ya namba mbili. Pesa itakayobaki nimlipe mtu wa kufua kwa mwezi, kwa sababu hapo ndo Bi Nesi kanitia wasiwasi. Khanga za shangazi nitazichukua lakini hazitavuka safari hii, zianikwe kwanza kwangu.

---

Fundi_Jangombe

Wakati huu wa masika 24 ni chache. Kwa jua la Januari ulichofua asubuhi adhuhuri unakunja. Masika kitu kinalala kambani siku mbili kikiwa na harufu ya uvundo. Mtoto anatumia 10 kwa siku, 10 nyengine ziko kambani tangu jana, unabaki na nne mkononi. Ikinyesha siku nzima huna kitu. Fanya 36 ukiweza, mita 13 na nusu. Ukishindwa, khanga za shangazi ndo akiba yako.

---

Nesi_wa_Shamba

Fundi kasema. Ongeza akiba kwa khanga kuliko kununua kitambaa zaidi, pesa utaihitaji kwa mfuaji.

Ndoo mbili ni sahihi: moja ya mkojo, moja ya kinyesi. Cha kinyesi kisuuzwe kwa maji ya baridi kwanza, ya moto yanagandisha doa. Vifuniko vibane kweli kweli ikiwa kuna mtoto mwengine mdogo nyumbani, mtoto anaejifunza kutembea anatumbukia kichwa kwenye ndoo ya maji machache tu. Sabuni ya mche inatosha, muhimu ni kusuuza mpaka maji yatoke meupe, maana mapaja mengi yanayochubuka ni ya sabuni iliobaki. Na yule mfuaji aambiwe asitie ile dawa ya kulainisha nguo. Inafanya winda linukie na lisinywe maji, mkojo unapita juu juu unamtiririkia mama.

Chupi za plastiki za kuvalisha juu ya winda usinunue. Zinazuia kuvuja na zinampika mtoto.

---

Shangazi_Kiponda

Melimeli mpya nayo hainywi maji. Ina wanga. Lazima ifuliwe mara mbili tatu ndo ikubali. Utampelekea vitambaa vinavyosukuma mkojo, halafu mtasema mawinda mabaya.

---

Fundi_Jangombe

Hapo shangazi kanipiku. Maji ya moto, sabuni, mara mbili au tatu kabla ya kutumika.

---

Mkunazini_Mie

Kwa hiyo nifue mie kabla sijapeleka? Kumpelekea mtu zawadi iliokwishafuliwa kwenye akika, mbele ya wakwe? Watasema nimeleta mitumba.

---

Bibi_Harusi_wa_Zamani

Watasema. Mie ningesema.

---

Mama_Pacha

Fua. Piga pasi, kunja, funga na utepe. Mwambie mama yake kwa mdomo pembeni, "zimeshafuliwa, anza kutumia leo". Mie zawadi zangu zilikaa kwenye nailoni wiki tatu kwa sababu hakuna aliopata nafasi ya kuzifua.

---

Ami_Nahodha

Zawadi ipelekwe mpya na bei yake itolewe. Heshima.

---

Kijana_Magogoni

Ami na hela ya mfuaji nayo ataipeleka kwenye bahasha mbele ya watu? Mie naona kaka mtu ndie apewe kimya kimya.

---

Bibi_Harusi_wa_Zamani

Usimpe kaka. Kaka akipewa 40,000 ya kufuliwa mawinda ya mtoto itageuka petroli ya vespa. Mtafute huyo mwanamke mwenyewe wa jirani, muelewane siku gani na saa ngapi, umlipe nusu sasa nusu mwisho wa mwezi. Waambie tu nyumbani kuwa fulani atakuja kila asubuhi, keshalipwa.

---

Mkwe_wa_Tibirinzi

Niko Chake. Nawajua wanawake wawili hapa mtaani wanaofua kwa mwezi, mmoja alikuwa akimfulia mwanangu. Nitumie ujumbe ndani. Ila swali moja, wifi yako kajifungua kawaida au upasuaji? Nauliza kwa sababu hapo juu umesema mkandaji anakuja asubuhi. Mie nilikuwa wa upasuaji, mkandaji akanikanda tumbo na maji ya moto kama kawaida yake, mshono ukafunguka pembeni. Kama ni upasuaji, kukanda tumbo kusubiri.

---

Mkunazini_Mie

Kawaida, alhamdulillah. Nakutumia ujumbe sasa hivi.

---

Shangazi_Kiponda

Na mzazi mwenyewe? Mtoto kapata mawinda, pampasi, mfuaji. Mama anaenyonyesha kapata nini? Siku zangu watu walikuja na pweza mkavu, pilipili manga, kuku wa kienyeji, kila siku jungu la mtu mwengine. Siku hizi mnaleta maboksi na kuondoka na biriani ya akika.

---

Nesi_wa_Shamba

Shangazi hilo nakuunga mkono bila masharti. Anaenyonyesha ana njaa usiku wa manane. Kitu cha kula kwa mkono mmoja, mwengine umeshika mtoto: mayai ya kuchemsha, tende, ndizi, chupa ya chai yenye uji ndani. Chupa ya chai nzuri ya lita moja na nusu ni zawadi ambayo hakuna mgeni mwengine atakayeleta.

---

Mkunazini_Mie

Chupa ya chai naiongeza, pakiti ya pampasi naitoa, hao wageni wengine wataileta tu. Melimeli nimeipata leo Mchangani, upana 58, nimechukua mita 9 maana kwa 36 pesa haikutosha na mfuaji. Nimechoma ncha dukani muuzaji akanitolea macho. Iko kwa fundi wa hapa jirani.

Khanga za shangazi zimo kambani tangu juzi, mbili bado zinanuka, nyengine nasikia kama zimetulia. Hizo mbili nizifue tena au nizifanye matambara ya jikoni?

---

Nesi_wa_Shamba

Fua mara moja tena na uzianike juani. Zikibaki na harufu, jikoni.

---

Bibi_Harusi_wa_Zamani

Na melimeli unaifua au huifui? Hujajibu.

---

Mkunazini_Mie

Mama yangu kasema nifue nusu, nusu nipeleke na ukali wake wa dukani zionekane. Kaka kasema zote. Fundi ananipa Jumatano, boti Ijumaa, na leo mvua haijakatika tangu alfajiri.

---

Fundi_Jangombe

Basi fua 12 hizo hizo, pasi ndo itakausha. Nyengine mfuaji wa Chake aanze nazo siku ya kwanza.

---

Ami_Nahodha

Na huyo mtoto jina lake nani?